Futi ya fundi sokoni Lubao: namna ya kujua ndume anafaa bei gani

Lubao, kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, ng'ombe huuzwa kwa jicho. Jicho la broka limeangalia ng'ombe kila siku ya soko kwa miaka. Lako limezoea wale watatu wa nyumbani. Ukiingia pale na jicho peke yake umeshapigwa kabla hujafungua mdomo, na hata kelele zako za kupunguza bei zitaanzia pale alipotaka yeye zianzie.

Mimi hununua ndume wa kunenepesha, na mara kwa mara jamaa hunituma niwanunulie wa shughuli. Ninachoeleza hapa ni namna ninavyompima ndume wa nyama kwa futi ya fundi wa nguo, kamba na vidole. Ng'ombe wa maziwa ana hesabu yake nyingine, na mtamba wa kuzaa pia. Hao siwagusi leo. Mbuzi nitamgusa kidogo mwishoni.

Mfano nitakaotumia ni wa mpwa wangu. Familia ilikuwa inaandaa kumbukumbu ya marehemu baba yake, na broka mmoja alikuwa amemwambia ndume wa kutosha ni elfu sabini na nane. Akanipigia: "Mjomba, hiyo ni bei ama ni kuibiwa?" Nikamwambia hilo siwezi kulijibu kwenye simu, kwa sababu hakuna aliyemwambia huyo ndume ana kilo ngapi.

Kabla ya kutoka nyumbani: bei ya kilo

Piga simu au pitia kwa wenye bucha wawili, na uwaulize vitu viwili tofauti. Kwanza, wanauzia mteja kilo ya nyama kwa ngapi. Pili, wao wenyewe wananunua kilo kwa ngapi nyama ikiwa imening'inizwa kichinjioni, na mifupa yake. Namba ya pili wengine hawapendi kuitoa, lakini ukiwa mteja wao utaambiwa. Wiki ile mpwa wangu aliponituma, mteja alikuwa akilipa shilingi 560, na mwenye bucha alikuwa akinunua kwa 480. Usizichukue namba zangu. Chukua za wiki yako, za mji wako. Hubadilika mno. Desemba zinapanda. Januari, shule zikifunguliwa, watu wanaleta ng'ombe wa karo na bei inalegea. Na ukiwa upande wa Bungoma, kumbuka kwamba Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ni msimu wa tohara ya Wabukusu, na ndume wakati huo hawashikiki.

Namba hizo mbili ndizo sakafu na dari yako. Sakafu ni kile ambacho mwenye bucha angelipa kwa ndume huyo, kwa sababu muuzaji akikukataa wewe, anayebaki ni huyo wa bucha. Dari ni pesa ambazo ungetumia kununua nyama ile ile kilo kwa kilo, bila kuhangaika na kamba, gari wala mtu wa kuchinja. Ukivuka dari, bora ungeenda bucha.

Kisha ujiulize unataka kilo ngapi za nyama. Mpwa wangu alihesabu wageni wake akafika kilo mia moja. Ndume wa kienyeji mwenye mwili wa wastani hutoa nyama na mifupa karibu kilo 48 katika kila kilo 100 za uzito wake akiwa hai. Kwa hiyo tulikuwa tunatafuta ndume wa kilo mia mbili na kumi hivi. Hilo tu lilitupunguzia nusu ya soko. Hatukuwa na haja ya kusimama mbele ya kila ng'ombe mkubwa.

Kupima kifua

Mwache ndume asimame mahali tambarare, miguu yote minne chini, kichwa kikiangalia mbele. Pitisha futi nyuma ya nundu, ishuke nyuma kabisa ya miguu ya mbele, izunguke chini ya kifua irudi juu. Ivute ibane manyoya bila kuzama kwenye nyama. Hapo ndipo mbavu zinapozunguka moyo na mapafu. Ukipima nyuma zaidi, unapima tumbo, na tumbo ndilo wanalolijaza.

Futi ya fundi ina shida moja: inaishia sentimita 150. Ndume mkubwa anaimaliza. Ndiyo maana mimi hubeba kamba ya katani. Naizungusha kifuani, nafunga fundo pale inapokutana, kisha naenda pembeni kuipima kamba kwa futi. Faida nyingine ya kamba ni kwamba broka hajui umepata ngapi. Ukitoa futi mbele yake na kuisoma kwa sauti, ukipata kubwa atapandisha, na ukipata ndogo ataanza kukueleza kwamba futi yako ni ya Uganda.

Pima mara mbili. Ng'ombe akivuta pumzi au akiinua kichwa, futi inacheza sentimita mbili tatu, na hizo si kidogo, kama utakavyoona.

Kwa ng'ombe wetu wa kienyeji, zebu wadogo wa huku magharibi, kifua peke yake kinatosha kukupa uzito. Nimeandika hivi kwenye simu yangu: kifua cha sentimita 120 ni kilo 130 hivi, 130 ni kilo 165, 140 ni kilo 205, 150 ni kilo 250, 160 ni kilo 300. Katikati ya hapo, kila sentimita moja ni kama kilo nne. Namba hizi hazikutoka kichwani mwangu. Zinatokana na kazi ya watafiti waliopima zebu wa huku huku magharibi, na mara zote nilizozilinganisha na nyama iliyotoka, hazijaniangusha sana.

Zebu ni mfupi wa mwili. Ukikutana na chotara wa Friziani au Sahiwali mwenye mgongo mrefu, orodha hiyo itamwonea muuzaji. Huyo mpime na urefu pia, kutoka kwenye ncha ya bega mpaka kwenye mfupa wa makalio ulio kando ya mkia, kisha ufanye hesabu hii kwa sentimita:

```
kilo = kifua x kifua x urefu / 10840
```

Chotara wa kifua 160 na urefu 140 anakuja karibu kilo 330. Zebu wa kifua hicho hicho tulisema ni 300. Kilo thelathini ni pesa.

Wawili waliofanana

Siku hiyo, kabla ya saa nne, tulikuwa tumebakiza ndume wawili. Mmoja alikuwa mweusi, nundu imesimama, tumbo limejaa kama ngoma. Wa pili alikuwa mwekundu, mgongo umelala, tumbo limebana, anaonekana mdogo kwa mwenzake. Mpwa wangu akanivuta mkono: "Mjomba, yule mweusi. Ona alivyo." Mweusi aliulizwa sitini na tano elfu, mwekundu sabini na mbili. Mpwa akaona mwekundu ni wizi wa mchana.

Kamba ilisema vingine. Mweusi alikuwa na kifua cha 134, yaani kilo 180 hivi. Mwekundu alikuwa na 143, yaani kilo 217. Tofauti ya kilo 37, na jicho lilikuwa limeigeuza juu chini, kwa sababu jicho huangalia nundu na tumbo.

Tumbo la mweusi nililijua. Simama nyuma ya ng'ombe, uangalie ubavu wake wa kushoto, kwenye kishimo kilicho kati ya mbavu za mwisho na nyonga. Kwa ng'ombe aliyekula kawaida, kile kishimo kinaonekana au kimejaa kidogo, na ukikibonyeza kwa ngumi kinabonyea kama unga uliokandwa. Kwa yule aliyelambishwa chumvi usiku na kunyweshwa maji asubuhi, kimetuna, na ukikisukuma kinacheza kama mtungi. Maji hayo hukuti kwenye nyama; utayalipia leo na jioni atayakojoa njiani. Uzuri ni kwamba kamba ikiwa nyuma ya miguu ya mbele, maji hayaigusi sana. Mizani yenyewe ingedanganywa kuliko kamba.

Vidole mgongoni

Kifua kikishakupa uzito, mwili ndio unakuambia ni sehemu gani ya uzito huo itakuwa nyama. Hapa ndipo watu wengi wanapopita haraka, na hapa ndipo pesa zinapolala.

Weka kiganja kwenye kiuno, upande wa juu, pale baada ya mbavu ambapo kuna mifupa mifupi inayotokeza kando ya uti wa mgongo. Bonyeza kwa kidole gumba. Kama kila mfupa unauhisi peke yake, mkali kama ukingo wa sahani, mnyama amekonda na utapata kama kilo 45 za nyama katika mia, pengine chini ya hapo. Kama inabidi ubonyeze kidogo ndipo uihisi, na ncha zake ni za mviringo, huyo ni wa wastani, 48. Kama huihisi kabisa, na kwenye shina la mkia unakuta mafuta laini pande zote mbili, huyo anaweza kufika 50 au 52. Mafuta ya shina la mkia hayatengenezwi kwa usiku mmoja wa chumvi, ndiyo sababu nayaamini.

Mwekundu alikuwa wa wastani. Kilo 217 mara 48 kwa mia ni kilo 104 za nyama. Mweusi alikuwa amekonda chini ya lile tumbo. Kilo 180 mara 45 kwa mia ni 81. Mpwa wangu alinyamaza hapo.

Kukonda kwenyewe si kosa. Mimi ninayenenepesha huwa nawatafuta waliokonda, kwa sababu nalipia kilo chache leo na kuuza nyingi baada ya miezi mitatu. Shida ni kujua amekonda kwa njaa au kwa ugonjwa, maana wa njaa utamlisha anenepe, na wa ugonjwa utamlisha kisha umzike.

Hili nililipia. Miaka kadhaa iliyopita, katika soko jingine, nilinunua ndume mrefu wa mifupa kwa bei iliyonifurahisha mpaka nikamnunulia broka chai. Siku ya tatu akaanza kukataa majani. Siku ya tisa nikaita majirani tuchimbe shimo. Daktari wa mifugo aliponionyesha tezi iliyovimba chini ya sikio, ukubwa wa yai, nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeuona uvimbe ule sokoni na kudhani alipigwa na fimbo. Ulikuwa ugonjwa wa kupe.

Tangu siku hiyo namshika kila mnyama mahali panne, na hainichukui hata dakika mbili. Chini ya sikio na mbele ya bega: tezi zisiwe zimevimba. Chini ya taya: pasining'inie mfuko laini kama wa maji, kwa sababu hiyo ni minyoo, na kwa ng'ombe waliolishwa kwenye mabwawa ya huku kandokando ya ziwa mara nyingi ni minyoo ya ini. Jicho: vuta kope la chini, ngozi ya ndani iwe ya waridi, ikiwa nyeupe kama karatasi, damu imeisha. Pua: iwe na unyevu, bila kamasi nzito. Halafu namwomba mwenyewe amtembeze hatua thelathini, haraka kidogo. Mwenye kifua kibovu atakohoa. Mwenye kwato mbovu atachechemea. Akidondosha mate na kuchechemea pamoja, ondoka, na usiguse ng'ombe wako wa nyumbani kabla ya kuosha viatu, kwa sababu huo unaweza kuwa ugonjwa wa miguu na midomo.

Wa njaa tu ana manyoya makavu na mbavu zinazohesabika, lakini jicho lake ni la waridi, ukimrushia jani la mahindi analirukia, na akitembezwa haonyeshi shida. Huyo mnunue.

Meno

Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Angalia ya chini. Mwenyewe amshike pua, wewe ushushe mdomo wa chini kwa kidole gumba. Ya utoto ni madogo, membamba, meupe. Ya utu uzima ni mapana kama kucha za mkono, na huota mawili mawili kuanzia katikati. Mawili mapana ni miaka miwili au zaidi kidogo, manne ni mitatu hivi, sita ni mitatu na nusu mpaka minne, na akijaza manane amefika minne na nusu au mitano. Baada ya hapo unaangalia kuchakaa: meno yanafupika, yanaachana, mwishowe ni visiki. Ng'ombe wetu wa malisho magumu huchelewa miezi kadhaa kuliko wale wa nyasi nzuri, kwa hiyo usimgombeze mzee anayesema wake ana mwaka mmoja zaidi ya meno yake. Pete za pembe waachie wenye muda. Pembe hupigwa tupa.

Umri unabadilisha bei kulingana na unachotaka. Kwa sufuria ya shughuli, ambako nyama itachemshwa tangu usiku, ndume wa meno manane si dhambi, ila usilipe bei ya laini. Mimi hupunguza kama elfu mbili mpaka tatu kwa ndume wa ukubwa huu meno yakiwa yameanza kuachana. Kwa kunenepesha, nataka meno mawili au manne: mifupa imeshakuwa, bado anaongeza nyama haraka. Mwenye meno ya utoto bado anajenga mifupa, na chakula chako chote kinaenda urefu.

Mwekundu wetu alikuwa na meno manne. Hakuna cha kupunguza hapo.

Kufika kwenye bei

Sasa hesabu inakuwa fupi. Kilo 104 mara 480 ni shilingi 49,920. Hiyo ni sakafu, elfu hamsini. Kilo 104 mara 560 ni 58,240. Hiyo ni dari. Lakini kutoka kwenye dari lazima utoe gharama zako: gari la kumbeba mpaka nyumbani lilikuwa elfu mbili, ushuru wa soko na kibali cha kusafirisha pamoja tukatenga elfu moja, na mchinjaji elfu moja na mia tano. Upande wa pili kuna matumbo, kichwa, miguu na ini, ambavyo kwenye bucha ungevilipia. Kwa shughuli ya familia kubwa hivyo ni chakula cha siku moja nzima. Mimi huvihesabu kama vinafuta pesa za mchinjaji na kubakisha kidogo. Ngozi siihesabu siku hizi, bei yake imeshuka sana. Baada ya kutoa gari na karatasi, dari yetu ya kweli ikawa kama elfu hamsini na tano.

Kwa hiyo tulikuwa na nafasi ya kati ya hamsini na hamsini na tano, na tuliambiwa sabini na mbili.

Usianze na sakafu. Nilianza na arobaini na nne, broka akacheka, akawaita wenzake waje waone mtu wa arobaini na nne. Huo ni mchezo wao. Nilichofanya ni kumtafuta mwenye ng'ombe. Broka mara nyingi hana mnyama. Ana kamba tu. Mwenye ndume alikuwa mzee aliyekaa chini ya mti na fimbo yake. Nikamsalimia, nikamwambia, "Mzee wangu, huyu ndume wako ni mzuri, meno manne, sikatai. Lakini nyama yake ni kilo mia na nne. Mwenye bucha atakupa ngapi?" Akaniangalia kwa muda. "Jana mmoja alinipa arobaini na nane," akasema. Basi nikajua kamba yangu haikukosea sana.

Tulimaliza elfu hamsini na tatu na mia tano, na broka akapata kitu chake kutoka kwa mzee, kama wanavyopatana. Saa zilikuwa zimefika saba. Ukichelewa kidogo bei hulegea, kwa sababu mtu aliyetembea na ng'ombe tangu alfajiri hataki kurudi naye jioni. Lakini ukichelewa mno wanaobaki ni wale waliokataliwa na wote, na ipo sababu.

Kumbuka zile sentimita tatu za futi kucheza. Sentimita tatu ni kilo kumi na mbili hai, karibu kilo sita za nyama, karibu elfu tatu. Kukosea kwa hesabu hii hakuendi chini ya hapo hata uwe makini. Ndiyo maana huwa sibishani na muuzaji juu ya elfu moja ya mwisho.

Bei ikiwa chini ya sakafu kwa mbali, na mnyama ni mzima, swali halipo tena kwenye kilo. Mwenye ng'ombe wake halali anajua bucha ipo. Hakikisha stakabadhi ya soko, kibali cha daktari wa mifugo, na kitambulisho cha muuzaji ukipige picha mbele yake. Anayekataa picha, mwache na ng'ombe wake.

Mbuzi, kwa ufupi

Ile hesabu ya kifua mara kifua mara urefu inafanya kazi kwa mbuzi pia. Mbuzi wa kienyeji mwenye kifua cha 70 na urefu wa 60 ni kilo 27. Nyama ni kama 45 kwa mia, kilo 12. Kama kilo ya mbuzi bucha ni 600, dari ni 7,200, na ukiambiwa elfu kumi unajua unaongea na nani. Meno yake huja mapema kuliko ya ng'ombe: mawili mapana ni kama mwaka mmoja na miezi kadhaa, manne ni karibu miwili, sita ni mitatu, manane ni minne. Manyoya ya mbuzi yanadanganya, basi mshike mgongo, usimwangalie. Kope la jicho ni muhimu zaidi kwake, maana minyoo inayonyonya damu humaliza mbuzi haraka. Anayekohoa usimpeleke kwenye kundi, hata kwa bei ya bure. Na beberu ambaye hajahasiwa mnuse kabla ya kulipa. Harufu hiyo inaingia kwenye supu.

Ndume mwekundu alichinjwa Ijumaa alfajiri, mkaguzi wa nyama akaja akapiga mhuri. Mpwa wangu alikuwa ameazima mizani ya kuning'iniza ya duka la nafaka, akapima pande moja baada ya nyingine, akiandika kwenye kiganja kwa kalamu. Kilo mia moja na moja. "Mjomba," akasema, "kamba yako ilikula kilo tatu."